Lastiki ya kiunoni isiyo na nundu

"Shikamoo fundi. Nimemshonea mama sketi ya kitenge ya kutia lastiki, vipande viwili vya yadi moja na robo kila kimoja, mbele na nyuma. Kiuno chake ni inchi 34, nyonga 44. Lastiki ni ya inchi moja. Ncha zake niliziunga kama ninavyounga kitambaa, uso kwa uso, nikapiga mshono mara nne ili zisiachie. Sasa nyuma katikati kuna nundu inayomchoma akikaa, na lastiki yenyewe imejiviringisha kama kamba ndani ya pindo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina zigizaga. Nifanyeje? Au ninunue lastiki pana zaidi?"

Marahaba mwanangu. Usinunue pana zaidi, bado. Lastiki ya inchi moja inamtosha mama yako, na ukiweka ya inchi mbili kwenye pindo hilohilo na kuiunga vilevile, nundu itakuwa kubwa mara mbili. Una makosa matatu yaliyokutana mahali pamoja, na kila moja lina dawa yake. Habari njema ni kwamba zigizaga huihitaji.

Kwanza hesabu tabaka zilizopo pale nyuma katikati. Ukiunga lastiki uso kwa uso, zile ncha mbili zilizobaki nje ya mshono lazima zilale upande fulani. Zikilala, pale zilipo lastiki inakuwa na tabaka tatu: ile inayoendelea na kiuno, na mikia miwili juu yake. Kitambaa cha pamba ungekigandamiza kwa pasi kikatulia, lakini lastiki haikubali pasi, inasimama. Halafu ukairundikia nyuzi za mshono mara nne, na uzi nao ni kitu, unajaza na kukaza. Hiyo ni lastiki peke yake.

Sasa ongeza kitambaa. Sketi yako ina mshono wa nyuma? Hukusema, lakini nundu kukaa katikati kabisa kunanifanya niamini kwamba uliunga vipande mbele na nyuma badala ya ubavuni, au uliiacha lastiki izunguke mpaka ikatulia kwenye mshono. Pale penye mshono wa kitambaa, kama akiba zote mbili zimelazwa upande mmoja, kitambaa ni tabaka tatu badala ya moja. Kikikunjwa kutengeneza njia ya lastiki, tatu zinakuwa sita. Kwenye ukingo wa chini ambako umekunja tena ndani, zinafika tisa. Weka lastiki ya tabaka tatu katikati ya hayo, kisha mtu akae kwenye kiti cha mbao. Ndiyo maana inamchoma.

Kwa hiyo ukiunga lastiki, kiungo chake kisiangukie kwenye mshono wowote wa kitambaa. Mimi hukiweka nyuma kushoto, vidole vinne hivi kutoka ubavuni, mahali ambapo mtu akikaa hakiegemei mfupa wala hakigusi kiti. Na kwenye mishono ya kitambaa, ile sehemu tu itakayoingia kwenye njia ya lastiki, fungua akiba, moja ilale kulia na nyingine kushoto, uipige pasi, halafu uishone kila upande kwa mshono mmoja wa kuishikilia. Hapo tabaka zinapungua kutoka tatu hadi mbili, na kuna faida nyingine utakayoiona unapopitisha lastiki: pini haitakwama chini ya akiba iliyolegea. Wengi hupambana na pini nusu saa wakidhani njia ni nyembamba, kumbe pini imeingia mfukoni mwa akiba.

Sasa kuunga kwenyewe.

Njia ninayokupendekeza ni kukutanisha ncha bila kuzipandisha. Ncha mbili zinagusana tu, kama mbao mbili zilizosogezwa pamoja, na chini yake kuna kipande chembamba cha kitambaa kinachozishika zote. Kwa njia hii lastiki inabaki tabaka moja mwanzo hadi mwisho, na kinachoongezeka ni unene wa kitambaa kimoja chepesi. Watu wengi hudhani kiungo cha namna hii ni dhaifu kwa sababu hakuna kilichopandana. Si hivyo. Lastiki haivutwi na ile sehemu ncha zinapogusana, inavutwa na mishono iliyopita kwenye lastiki na kuingia kwenye kitambaa. Nguvu iko kwenye urefu wa lastiki iliyoshikwa, basi.

Tafuta kipande cha kanga kuukuu au cha bitana, kitu chepesi lakini kilichofumwa imara. Kikate kwa kufuata uzi wa kitambaa, si kwa mshazari, maana kikiwa cha mshazari kitavutika na kiungo kitafunguka katikati. Urefu wake uwe sentimita 5, na upana uwe pungufu kidogo ya lastiki. Lastiki yako ni sentimita 2.5, kwa hiyo kipande kiwe sentimita 2.3. Kikiwa pana kuliko lastiki, kingo zake zitakunjamana ndani ya njia na utakuwa umetengeneza nundu mpya. Usikunje kingo zake. Ukipata kile kijipindo cha kiwandani kilichoko pembeni mwa kitambaa, ni kizuri zaidi kwa sababu hakichambuki.

Chora mstari katikati ya kipande kwa kalamu au chaki. Laza ncha ya kwanza ya lastiki juu yake, iguse mstari. Shona kwa kukata upana wa lastiki, mshono wa kwanza milimita 3 kutoka ncha, wa pili katikati, wa tatu sentimita 2 kutoka ncha, karibu na mwisho wa kipande. Usikate uzi kati yao. Ukifika ukingoni acha sindano chini, inua mguu wa cherehani, geuza, tembea ukingoni mwa lastiki hadi mstari unaofuata, geuza tena. Utapata umbo kama ngazi. Kisha leta ncha ya pili, ikutane na ya kwanza kwenye mstari bila kupandana na bila kuacha mwanya, ushone vilevile. Usivute lastiki unaposhona. Ikiwa imevutwa, ikirudi kitambaa kitafanya mkunjo.

Hapa nataka uangalie urefu wa tundu la mshono. Weka milimita 3. Fundi anayeogopa kiungo kuachia huweka tundu dogo sana na kurudi mbele na nyuma mara kadhaa, kama ulivyofanya wewe. Ndani ya lastiki kuna nyuzi za mpira, na kila sindano inapopita inaweza kuchoma uzi mmoja. Matundu yakikaribiana mno unakuwa umechora mstari wa kukatia, kama ule wa kuchania risiti kwenye kitabu. Baada ya miezi michache ya kufuliwa na kuvutwa, lastiki inakatika hapohapo penye mshono ulioamini ni imara. Mishono mitatu kila upande, tundu la milimita 3, inatosha. Tumia sindano mpya, namba 14, na uzi wa poliesta.

Mwenye zigizaga angepiga zigizaga pana juu ya ule mstari ncha zinapokutana, na kazi ingekuwa fupi zaidi. Lakini nimeshona kwenye cherehani ya kukanyaga miaka mingi, na viungo hivi vya ngazi vimezeeka pamoja na nguo zao.

Kuna lastiki ambayo njia hii haiifai, ile yenye mistari ya urefu ambayo ukiivuta upana wake unapungua. Hiyo imesukwa kama nywele, na ukiikata ncha inaanza kuchambuka. Kwa hiyo pandisha ncha moja juu ya nyingine sentimita 2, shona mraba na msalaba ndani yake, uvumilie unene kidogo. Kwa kuwa lastiki za aina hiyo nyingi ni nyembamba, za mikono ya gauni na nguo za ndani, unene wake hausumbui sana. Lakini usiipandishe huku umeichoma ncha kwa kibiriti. Najua wengi hufanya hivyo kuzuia kuchambuka. Nyuzi za nje zinayeyuka na kugeuka kijiwe kigumu, na kijiwe hicho ndicho kitakachokwaruza mgongo wa mama.

Kuhusu lastiki kujiviringisha, hilo halitokani na kiungo. Sababu zake ni mbili, na huenda unazo zote.

Ya kwanza ni aina ya lastiki. Chukua iliyobaki, ishike kwa mikono miwili, ivute mpaka karibu na mwisho wake huku ukiangalia upana. Kama inchi moja inakuwa robo tatu au chini ya hapo, ni ile ya kusukwa niliyoitaja. Mtu akivaa na lastiki ikavutika, inakuwa nyembamba kuliko njia yake, ikapata nafasi ya kupinduka. Kwa kiuno cha sketi tafuta ile isiyopungua upana ukiivuta. Ziko mbili. Moja ni laini, inakunjika kwa urahisi mkononi, inafaa nguo nyepesi na watoto. Ya pili ni ngumu kidogo, ina mbavu zinazokata upana wake, na ukiibana kwa vidole kutoka kingo mbili inakataa kukunjika. Kwa kitenge na kwa mtu mwenye tumbo, nunua hii yenye mbavu. Na hii ndiyo inayokubali vizuri zaidi kuungwa kwa kukutanisha ncha.

Dukani fanya mambo mawili zaidi. Ivute mara tano uiachie, kisha ilinganishe na ile ambayo haijavutwa. Ikiwa imebaki ndefu, mpira wake umechoka. Lastiki huzeeka ikiwa bado dukani, hasa ikining'inia mlangoni inapopigwa na jua. Niliwahi kushona sketi za shule zaidi ya 20 kwa lastiki ya bei nafuu niliyoinunua bila kuivuta, na ndani ya muhula mmoja wazazi walianza kuzirudisha zikiwa zimelegea zote. Nilizifumua zote kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo siondoki dukani bila kuivuta. Jambo la pili, hakikisha inapimwa ikiwa imelala. Ikivutwa kidogo kwenye kipimo, mita yako inafika nyumbani ikiwa sentimita 85.

Sababu ya pili ya kujiviringisha ni ukubwa wa njia. Lastiki inahitaji nafasi ya kuteleza, lakini isiwe na nafasi ya kugeuka. Kwa inchi moja, ongeza milimita 3 tu. Ukiongeza sentimita moja, kama wengi wanavyofanya ili pini ipite kwa urahisi, lastiki itapinduka siku ya kwanza mvaaji akiinama. Ukikosa kuongeza kabisa, lastiki haitalala bapa. Itaingia ikiwa imejikunja kingo, na haitakunjuka tena. Kwa hiyo kingo zikijikunja kwa urefu wote, njia ni nyembamba. Ikiwa imesokotwa mahali pamoja au pawili huku kwingine ikilala vizuri, njia ni pana. Pasua sentimita chache uangalie kabla ya kuamua.

Hesabu yake kwa sketi hii ni hivi. Mwili tunaupima kwa inchi, lakini kwa njia ya lastiki natumia sentimita kwa sababu robo na nusu ya robo inchi humchanganya mtu. Lastiki 2.5, nafasi ya kuteleza 0.3, umbali wa mshono wa chini hadi ukingo uliokunjwa 0.2, na kikunjo cha ndani 1. Jumla ni sentimita 4 juu ya mstari wa kiuno. Kunja sentimita 1 kwanza, piga pasi. Kisha kunja sentimita 3, piga pasi tena. Shona milimita 2 kutoka ukingo wa chini. Ndani umebaki na njia ya sentimita 2.8. Ukitaka kupiga mshono mwingine juu kabisa ili sketi iwe na ukingo mkali, ongeza ile milimita 3 au 4 ya mshono huo kwenye hesabu, maana unaila njia yako. Pasi zote zimalizike kabla lastiki haijaingia. Pasi ya moto, iwe ya umeme au ya mkaa, inachosha mpira.

Nimebakisha kosa ambalo hukuliuliza, na naliona ndilo linalomnenepesha mama kiunoni hata nundu ikiondoka. Vipande viwili vya yadi moja na robo ni inchi 90. Unavikusanya vyote kwenye kiuno cha inchi 34. Maana yake kila inchi moja ya kiuno imebeba zaidi ya inchi mbili na nusu za kitenge, tena kikiwa kimekunjwa mara mbili kwa sababu ya njia. Kitambaa chembamba kama shifoni kingevumilia. Kitenge ni kizito, mikunjo yake inasukumana, na msukumano huo nao unaipindua lastiki kwa sababu hakuna mahali pa kitambaa kulala.

Juu kinatakiwa nini basi? Sketi haina zipu, kwa hiyo lazima kiuno cha kitambaa kipite kwenye nyonga. Nyonga ni 44, ongeza inchi 4 za kupumua, unapata 48. Ukikusanya 48 kwenye 34 mikunjo inakuwa midogo na tulivu. Chini waweza kubaki na upana mwingi ili mama atembee kwa raha. Kata kila kipande inchi 25 kwa juu, ukiwa umeweka nusu inchi ya mshono kila upande, na inchi 36 kwa chini.

Ila usianze kutanua tangu juu kabisa. Hapa ndipo sketi nyingi za lastiki huharibika na mtu asijue kwa nini. Ukiukata ubavu kwa mshazari mmoja kutoka ukingo wa juu hadi chini, ile sehemu utakayoikunja kuwa njia ni nyembamba kuliko mahali itakapolala. Kwa vipimo hivi, ukijumlisha mbavu zote, tofauti inazidi sentimita 3. Unaanza kuvuta kitambaa kifike, kinakunjamana upande upande, njia inakuwa na mbavu za mshazari, na lastiki inafuata mikunjo hiyo. Kwa hiyo chora ubavu wima kabisa kwa ile sentimita 4 ya juu na inchi 3 chini ya mstari wa kiuno, halafu ndipo uanze kutanua. Kinachokunjwa na kinachokipokea vitalingana.

Kuhusu urefu wa lastiki, kuna kanuni ya kupunguza inchi 3 kwenye kiuno, na ni kanuni nzuri ya kuanzia, si ya kumalizia. Kwa mama yako 34 inakuwa 31. Kwa kuwa tunakutanisha ncha bila kuzipandisha, huongezi chochote. Inchi 31 ni sentimita 79 hivi, kwa hiyo mita moja inakutosha. Lakini lastiki ngumu yenye mbavu huuma zaidi kuliko laini, na inchi 3 zinaweza kuwa nyingi. Mzungushie mama lastiki yenyewe kiunoni, ifunge kwa pini, mwambie akae, avute pumzi, ainame kama anayefagia. Kama inashika bila kuacha alama, hapo ndipo. Kisha ithibitishe kwenye nyonga: lastiki ya inchi 31 lazima ivutike ifike 45 bila kulazimishwa. Lastiki nzima, isiyochoka, inafika. Kumbuka tu kwamba sentimita 4 za kiungo hazivutiki kwa kuwa zimeshonwa kwenye kitambaa. Kwenye kiuno cha mtu mzima hutaona tofauti, ila ukimshonea mtoto wa kiuno cha inchi 18, fanya kipande cha kuungia kiwe kifupi, sentimita 3 tu.

Nirudi kwenye swali lako la upana. Lastiki pana ina sifa moja ya kweli: nguvu yake inasambaa mahali pakubwa, kwa hiyo haikati mwili kama kamba. Ndiyo sababu ya nusu inchi huacha mfereji kiunoni kwa sketi nzito. Lakini mwili wa mtu hukunjika pale kiunoni anapokaa, na lastiki ya inchi mbili ikikutana na mkunjo huo lazima ijikunje nayo, na ikijikunja mara nyingi inabaki hivyo. Mtu anayekaa sana chini, kwenye mkeka au kigoda, au mwenye tumbo linalolalia kiuno, inchi mbili zitamsumbua. Inchi moja hadi moja na nusu ndiyo ninayomshonea mama mtu mzima kwa kitenge. Robo tatu naiachia nguo nyepesi za kulalia. Kama mama anataka kiuno kipana kwa ajili ya kupendeza, weka lastiki mbili za robo tatu kwenye njia mbili zilizotenganishwa na mshono. Kila moja inajikunja kivyake na kiuno kinabaki kimenyooka, ingawa una viungo viwili vya kufanya, na usiviweke mahali pamoja.

Unapopitisha, acha mlango wa sentimita 6 kwenye mshono wa chini wa njia, nyuma kushoto, pale nilipokuambia kiungo kikae. Funga kikwasi kikubwa kwenye ncha moja, na ncha ya pili uibane kwenye kitambaa kwa pini nyingine ili isikufuate ndani. Kabla ya kuingiza, piga alama ya kalamu katikati ya upande mmoja wa lastiki, urefu wote, mistari midogo midogo. Ikitoka upande wa pili na mistari ikiwa inaangalia kulekule, haikujisokota. Kisha usishone bado. Vuta ncha zote nje kama sentimita 10, zifunge kwa kikwasi, mvalishe. Mtu akishavaa, na uzito wa sketi ukishashuka, utashangaa mara ngapi utapunguza au kulegeza nusu inchi. Ukiridhika, vua, unga kwa kipande cha kanga, rudisha ndani kipande kikiangalia nje, si mgongoni, ili upande laini wa lastiki uelekee mwilini.

Mlango usiufunge kabla ya kugawa mikunjo. Gawa lastiki sehemu nne, gawa na sketi sehemu nne, zikutanishe. Kwenye mishono ya ubavuni, piga mshono mmoja wima unaoshuka juu ya njia, ukipita ndani ya mfereji wa mshono uliopo, ukiikamata lastiki. Hautaonekana, na lastiki haitapata tena nafasi ya kusafiri wala kupinduka. Wengine hupiga mistari kuzunguka kiuno chote huku wakiivuta lastiki. Inapendeza, lakini inachoma mpira mara mamia, inailegeza, na siku ikizeeka huwezi kuibadilisha bila kufumua kiuno kizima. Kwa mishono miwili ya ubavuni, kuibadilisha ni kazi ya dakika 15.

Kuna mahali ambapo maelezo ya maandishi hayatoshi. Kama cherehani inaruka tundu ukifika kwenye lastiki hata baada ya sindano mpya, jaribu kwanza kuweka karatasi nyembamba chini na kushona polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Ikiendelea kuruka, tatizo ni jinsi sindano inavyokutana na bobini, na hilo ni la fundi wa cherehani kuliona kwa macho, usifungue mwenyewe. Na kama mama ana kidonda cha upasuaji tumboni, au tumbo linavimba, au alama ya lastiki inabaki kwa saa nyingi baada ya kuvua, asivalishwe lastiki kwanza. Mpeleke akaonwe hospitali, na sketi itie kamba ya kufunga kwenye njia hiyohiyo, anaweza kuilegeza anavyotaka.

Ukishaandaa kila kitu, fumua njia yote, usiishie pale penye nundu. Kata ncha zote mbili za lastiki ya zamani palipochomwa na mishono minne, uivute uone upana wake. Ikipungua, itunze kwa mikono ya gauni la mtoto na ununue mita moja ya yenye mbavu. Kitenge kiloweke na kukikausha kabla ya kukikata upya kama hukukiloweka mwanzo, maana kikisinyaa kwenye maji ya kwanza, zile milimita 3 za njia zitapungua na lastiki inaweza kubanwa tena.